Naomba ushauri: nimeweka vicheko vitatu, bado dada kanuna

Mwana_Ipuli: Wakuu, habari za jioni. Tuna kikundi cha kuweka na kukopa hapa Tabora. Jana niliandika kwenye grupu la WhatsApp: "Mweka hazina wetu shavu linajaa, sanduku linapungua 😂😂😂". Kajitoa kwenye grupu, na Jumamosi ni mgao. Nifanyeje?

Gungu_Kigoma: Sanduku lina kufuli tatu? Funguo wanashika watu watatu tofauti? Anzieni hapo.

Mama_Kanyenye: Wifi yangu aliniita gogo, akaweka kicheko. Nami nikajibu kwa kicheko, lakini hadi leo sijamsamehe.

Mtendeni_1: Ungeweka vicheko mwanzoni. Ujumbe mrefu hukatwa mkia kwenye taarifa za juu ya simu, mtu anaona tusi tupu.

Mzee_Isevya: Wake ni mfupi, haukukatwa. Kicheko hulainisha maneno ambayo kila msomaji anajua hayawezi kuwa kweli. Mwambie mtu mwembamba kwamba kamaliza ng'ombe mzima, watacheka wote. Lakini hela za sanduku zinaweza kupungua kweli, kwa hiyo kicheko hapo kinasomeka kama shutuma ya mtu asiyetaka kuulizwa ushahidi. Kuna hela imepungua?

Mwana_Ipuli: Hesabu ya wiki iliyopita ilipungua 40,000. Ila yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, sisi ni watani! Na vicheko niliviongeza kwa kuhariri, kama nusu saa baadaye, nilipoona grupu kimya. Sioni kosa langu.

Cheyo_Juu: Hadithi ya kutunga hii. WhatsApp inakuruhusu kuhariri ndani ya dakika 15 tu. Hiyo nusu saa umeitoa wapi?

Mwana_Ipuli: Sikushika saa mkononi, mkuu. Alama ya kuhaririwa ipo pale, wote wanaiona.

Mzee_Isevya: Hata kama katunga, jambo lenyewe lipo. Ile alama ndiyo inayokuumbua: dada anaona vicheko vilikuja baada ya tusi. Scott Fahlman, mtaalamu wa kompyuta, alipopendekeza alama ya :-) mwaka 1982 pale Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alitaka iandikwe pamoja na mzaha wenyewe, msomaji ajue tangu mwanzo. Na utani wenu una watu wawili, lakini grupuni wapo wasio watani wake, nao wamebaki na tuhuma. Usiufute ujumbe, kufuta nako huacha alama. Andika palepale, bila kicheko hata kimoja: "Sina ushahidi kwamba mweka hazina kachukua hela. Upungufu wa 40,000 tuukague wote Jumamosi kabla ya mgao." Kisha mpigie dada, umsomee ulichoandika, maana hayumo tena grupuni.

Mwana_Ipuli: Nikiandika hivyo nitaonekana mimi ndiye mbaya. Nitamtumia 🙏 inbox kwanza.

Mama_Kanyenye: Unamwomba radhi au unamwomba arudishe hela? Hiyo 🙏 haisemi.

Gungu_Kigoma: Hujajibu kuhusu funguo.