Naomba ushauri: mtoto anakoroma na pumzi inakatika usingizini

Wazazi wenzangu, nipo Nyalenda, Kisumu. Kijana wangu ana miaka 4 na hukoroma kila usiku, hata asipokuwa na mafua. Hulala kinywa wazi, kichwa amekirudisha nyuma. Kinachonitia hofu ni kwamba mkoromo hunyamaza ghafla, kifua kinavuta lakini hewa haipiti, nahesabu hadi 8 au 10, kisha anashtuka na kuhema kwa nguvu. Ameanza tena kukojoa kitandani.

Daktari alimmulika kooni, akakuta mafindofindo yamekaribia kugusana. Eksirei ya shingo kwa ubavu ikaonyesha adenoidi, ile nyama iliyo nyuma ya pua, imebana njia ya hewa. Alinieleza kwamba nyama hizi ni walinzi: hunasa vijidudu na kuufundisha mwili kupigana navyo. Ndiyo maana hukua sana kati ya miaka 2 na 7 hivi, wakati koo lenyewe bado ni jembamba. Mchana misuli huiweka njia wazi. Mtoto akilala inalegea, na upenyo unaobaki ni mdogo mno.

Amempa dawa ya steroidi ya kupuliza puani kwa wiki 6, halafu tuamue kuhusu upasuaji. Mama mkwe anasema tungoje, zitanywea akikua. Ni kweli hunywea, lakini pumzi inakatika leo.

Mliopitia haya, dawa ilitosha au mlikubali zikatwe? Na mlimlisha nini siku za kwanza, na mlichunga vipi asitokwe na damu?