Mrejesho: maneno ya picha ya mwaka mmoja

Niliuliza: "Natimiza mwaka tangu niache dawa za kulevya. Nataka kuandika ukweli chini ya picha, ila watu wasijue nilitumia nini wala natibiwa wapi. Niandikeje?"

Asanteni. Niliweka hivi:

"Leo mwaka mmoja tangu niache. Sikufika hapa peke yangu, na bado natibiwa. Mengine nimebaki nayo."

"Nimepona" nililitoa. Kila asubuhi bado nakunywa methadoni, dawa ya matibabu ninayopewa kliniki, na wapo wanaodhani hiyo nayo ni kutumia. Ubishi huo sikuutaka kwenye picha yangu. "Bado natibiwa" ni kweli, na haisemi ni dawa gani. Mwaliko wa "njoo inboksi" niliufuta pia, maana wa kwanza kuja wangekuwa wale wa maskani.

Picha ndiyo nusura iniumbue: nyuma lilionekana geti la kliniki, na mtaani foleni ile kila mtu anaijua. Nikapiga nyingine ukutani nyumbani, bila kuweka mahali. Mama nilimsomea kwanza. Akasema sawa, ila nisimtagi.

"Ulikuwa unatumia nini?" lilikuja mapema. Nikajibu, "Hilo nimebaki nalo, ndugu yangu," basi. Aliyerudia nilimfutia komenti.