Mtego wa fomu umenasa mgeni wa kweli badala ya boti, nifanyeje?

MwanaJambiani

Wakuu salaam. Naomba mnisaidie kabla shangazi hajaninyang'anya kazi.

Shangazi yangu ana nyumba ya wageni yenye vyumba sita huku Jambiani, na tovuti yake nimeitengeneza mimi. Ni kurasa za kawaida tu, na fomu ya mawasiliano inayotumwa kwenye faili la PHP ambalo linamtumia imeli. Mwaka huu fomu ikavamiwa na boti, zile programu zinazojaza fomu zenyewe. Kila asubuhi shangazi anafungua simu anakuta ujumbe arobaini, hamsini: dawa, kamari, sarafu za mtandaoni, na wale wa "tutaipandisha tovuti yako Google". Maombi ya vyumba yakawa yanazama humo humo.

Nikasoma kuhusu sehemu ya mtego: unaweka kisanduku ambacho mtu hakioni, boti anakijaza kwa tamaa yake, na seva ikikuta kimejazwa inatupa ujumbe. Nikaweka hivi:

```html
<input type="text" name="company"
  style="position:absolute;left:-9999px">
```

Siku ya pili tu ujumbe wa takataka ukashuka hadi mitatu au minne. Nikajiona bingwa. Wiki mbili baadaye mama mmoja anampigia shangazi kwa WhatsApp, amekasirika: aliomba vyumba viwili kwa usiku nne, akaona ukurasa wa "Asante, tumepokea", kisha kimya. Imeli yake haikufika popote. PHP yangu ikikuta `company` ina kitu, inaonyesha asante na kuacha hapo hapo, haihifadhi chochote.

Nimejaribu fomu mara kumi kwa simu yangu, inafika. Huyu mama ilikuwaje? Na nimewapoteza wangapi wengine nisiowajua?

Kitunguu

Pole mkuu. Kosa lako ni kukificha kwa kukisukuma nje ya skrini. Weka `type="hidden"` tu, kazi imeisha. Hakuna binadamu atakayekijaza.

PopoWaUsiku

Mimi nilichofanya niliondoa imeli yangu kwenye tovuti nikaiandika kwa maneno, "jina kwenye kituo fulani". Takataka zimepungua sana. Jaribu.

MwanaJambiani

@PopoWaUsiku asante, ila imeli ya shangazi haipo kwenye ukurasa kabisa. Wanapitia fomu yenyewe.

NahodhaSeva

Mwana, mgeni wako hakujaza kisanduku. Kivinjari chake ndicho kilichojaza.

Fuatilia. Huyo mama ni mtu wa kazi, Chrome yake imehifadhi jina, simu, anwani na jina la kampuni yake. Alipogusa sehemu ya jina, kivinjari kikamwambia "nikujazie?", akakubali. Kivinjari hakijui nia yako. Kinasoma jina la kisanduku, kinaona `company`, kinaweka kampuni. Kwamba kiko pikseli 9999 kushoto si hoja, kwake hicho bado ni kisanduku kinachoonekana. Wewe simu yako haina kampuni iliyohifadhiwa, ndiyo maana umejaribu mara kumi na hujaona tatizo. Ukitaka kulishuhudia, fungua mipangilio ya Chrome kwenye kompyuta, ongeza anwani yenye kampuni, kisha jaza fomu kwa kubonyeza pendekezo.

Kwa hiyo jina la mtego lisiwe kitu chochote kinachokaa kwenye kitabu cha anwani: si `phone`, si `address`, si `company`, si `email2`. Na maandishi ya lebo yanasomwa vilevile, usiandike "Kampuni" halafu ukabadilisha jina peke yake. `autocomplete="off"` iweke, lakini usiilalie. Chrome huipuuza mara nyingi kwenye sehemu za anwani.

Mimi ninaweka hivi:

```html
<div class="ziada" aria-hidden="true">
  <label>Acha wazi
    <input type="text" name="maelezo_q"
      tabindex="-1" autocomplete="off">
  </label>
</div>
```

`.ziada` unaisukuma nje ya skrini kwenye faili la CSS, siyo ndani ya tagi kama ulivyofanya, maana boti wengine husoma `style` iliyo pale pale. `tabindex="-1"` ni kwa ajili ya mtu anayetembea kwenye fomu kwa kitufe cha Tab, asije akatumbukia humo bila kuona. `aria-hidden` ni kwa asiyeona anayesomewa ukurasa na programu. Na hayo maneno "Acha wazi" yaandike kwa lugha ya wageni wenu, kwa sababu siku CSS ikishindwa kupakia, kisanduku kitaonekana kwa kila mtu.

@Kitunguu uko sahihi kwamba kivinjari hakitajaza `type="hidden"`. Ila boti wengi nao hawaijazi, wanairudisha na thamani iliyokuwa nayo. Wameshazoea, fomu nyingi zina sehemu za aina hiyo zenye kazi zake. Utakuwa na mtego usionasa binadamu wala panya.

Kitunguu

Sawa, nimeelewa. Lakini basi jina kama `maelezo_q` si litamfanya boti apite bila kugusa? Mimi nadhani jina zuri ni `url`, maana boti wa maoni ya WordPress wamezoea kulijaza.

NahodhaSeva

Hapo una hoja, na mimi mwenyewe sijafika mwisho. `url` inanasa vizuri na kitabu cha anwani cha Chrome hakina sehemu ya tovuti. Shaka yangu ni programu za kuhifadhi nywila na viongezo vingine vya vivinjari, kila kimoja kina akili yake. Boti wengi hujaza kila kisanduku cha maandishi bila kuchagua, kwa hao jina lolote linatosha. Kwenye nyumba ya wageni ningechagua kukosa boti wawili kuliko kukosa mgeni mmoja.

Lakini Mwana, jina si kosa lako kubwa. Kosa kubwa ni kutupa bila kuhifadhi. Mwonyeshe asante kama kawaida, boti asijue amenaswa, ila andika kila kilichokuja kwenye faili:

```php
if (trim($_POST['maelezo_q'] ?? '') !== '') {
  file_put_contents('/home/mteja/shaka.log',
    date('c').' '.json_encode($_POST)."\n",
    FILE_APPEND);
  header('Location: /asante.html');
  exit;
}
```

Faili hilo likae nje ya `public_html`, lina majina na simu za watu. Lipitie kila siku mbili kwa mwezi wa kwanza, na mistari ya zamani uifute. Ungekuwa nalo, leo ungejua umewapoteza wangapi.

MamaRatiba

Naongezea langu, maana limeniuma. Mimi ni katibu wa shule moja, fomu yetu ilikuwa inamtumia aliyeandika nakala ya ujumbe wake. Tukaona ni adabu. Kumbe boti wanaandika imeli ya mtu mwingine kabisa kwenye sehemu ya "imeli yako", na tangazo lao kwenye sehemu ya ujumbe, na seva yetu inamtumia huyo mtu kwa jina la shule! Waliotupangisha seva wakafunga imeli zetu siku tatu, wiki ya matokeo. Kama na ninyi mnatuma nakala, iondoeni.

MwanaJambiani

Dada MamaRatiba, nimeangalia mbio mbio, kweli nilikuwa natuma nakala. Nimeiondoa sasa hivi. Sasa mtu anapata "Asante" ya ukurasani tu.

Nahodha, nimefanya lile jaribio la Chrome. Nilipobonyeza pendekezo, nikamwona huyo mwizi kwa macho: kisanduku kikapata jina la kampuni niliyoibuni. Nimebadilisha kila kitu kama ulivyosema. Swali: zile tatu nne zinazopita bado, nizifanyeje? Na kuna mahali nimesoma tupime muda, anayejaza fomu chini ya sekunde tano ni boti.

Kitunguu

Muda ndio dawa. Weka sekunde kumi kabisa.

NahodhaSeva

Sekunde kumi ni nyingi. Mgeni anayerudi amejaziwa kila kitu na kivinjari, anabandika ujumbe aliouandika kwingine, sekunde sita ameshatuma. Mimi sipiti tatu.

Namna yake: PHP inapotengeneza ukurasa inaweka `time()` ndani ya kisanduku cha `hidden` pamoja na sahihi ya `hash_hmac` yenye neno la siri lililoko kwenye seva, ili boti asijiandikie saa yake. Fomu ikirudi unathibitisha sahihi, unatoa, unapata sekunde. Isipokuwa na sahihi kabisa, huyo hakufungua ukurasa, amepiga moja kwa moja kwenye faili la kutuma. Wapo wengi. Kwenye logi ya seva utaona `POST /tuma.php` kutoka anwani fulani ya IP bila `GET` ya ukurasa wa fomu kabla yake.

Lakini kurasa zako umesema ni za kawaida, HTML tupu. Hapo saa itawekwa na nani? Na hata ukizigeuza kuwa PHP, kama seva inatoa nakala iliyohifadhiwa, saa itakuwa ya asubuhi kwa kila mtu. Kila boti ataonekana amekaa masaa manne, atapita. Ukiweka na ukomo wa juu, tuseme saa moja, utawafungia wageni wote mchana. Usiweke muda mpaka ujue ukurasa unatoka wapi.

Kwa zile zinazopita, soma maudhui. Ujumbe wenye `[url=` au `<a href` haukuandikwa na mtu anayetafuta chumba, upeleke `shaka.log`. Wenye `http` mara mbili au zaidi usiutupe, mgeni anaweza kubandika kiungo cha ratiba ya ndege. Upitishe, ila ongeza "[SHAKA]" mwanzoni mwa kichwa cha imeli, na kwenye akaunti ya imeli ya shangazi weka kichujio kinachopeleka zenye neno hilo kwenye folda ya pembeni.

Wale wa "tutaipandisha Google" mara nyingi ni watu kweli, wamekaa wanaandika kwa mkono. Mtego hauwaoni.

Jambo moja: tuma imeli kwa `From` ya tovuti yenu wenyewe, ya mgeni iweke kwenye `Reply-To`. Ukiweka Gmail ya mgeni kwenye `From`, seva inayopokea inaona unajifanya mtu mwingine, na imeli inaweza kuishia kwenye takataka hata kama mtego uliipitisha.

MwanaJambiani

Mrejesho baada ya siku tisa. Kwenye `shaka.log` kuna mistari 387. Nimeipitia yote jana usiku na chai ya tangawizi. Mmoja tu ulinisimamisha: mzee mmoja anauliza kama kuna ngazi za kwenda vyumbani, anatembea kwa fimbo. Kwenye `maelezo_q` kumeandikwa "ok". Sielewi ameandikaje pale. Nimempelekea shangazi, ameshamjibu, anakuja na mkewe.

`From` nayo nilikuwa nimekosea, nimerekebisha.

MamaRatiba

Labda anatumia kile kifaa cha kusomewa ukurasa? Au amezima CSS?

NahodhaSeva

Angalia mstari wake kwenye logi ya seva, saa ile ile, uone kama kivinjari chake kiliomba faili la CSS na kikapewa 200. Kwa intaneti ya kusuasua linaweza lisifike. Ukiona, tuambie.