Majina 212 kwa fomu, wagonjwa 6 pekee. Pesa yangu imeenda wapi?

mama_meno_donholm:
Wadau leo nimekasirika mpaka kichwa kinaniuma. Niko na kliniki ndogo ya meno huku Donholm, nikampa jamaa wa matangazo 30,000 atuweke Facebook. Wiki tatu baadaye analeta ripoti, ati majina 212, kila jina shilingi 141, "madam kazi imeiva". Msichana wa mapokezi amepigia hao watu siku nne mfululizo. 58 hawapatikani kabisa. 71 wanasema "mimi? sijajaza kitu". Waliokubali kupangiwa tarehe ni watu 19, waliofika 6!! Kila mgonjwa amenigharimu 5,000.

Nikaomba kuiona hiyo fomu watu wanajaza wakibonyeza tangazo. Jina na namba, basi, na zote zinajijaza zenyewe kutoka kwa akaunti ya mtu, yuko ndani ya matatu anabonyeza bonyeza hata hajui ameomba nini, na kama alifungua akaunti na laini aliyotupa kitambo ndiyo hiyo inakuja kwangu. Na kinachoniuma zaidi, majina alikuwa ananitumia kila Ijumaa kwa Excel! Mtu wa Jumatatu jino linamchoma, angoje hadi Ijumaa?

kijana_wa_thika_road:
Achana na fomu, peleka tangazo WhatsApp, huko namba haiwezi kuwa mbovu. Ama uongeze swali la jino gani linauma.

mwalimu_kayole:
WhatsApp usinitajie. Mimi niko na shule, Desemba tulipata meseji kama 90, karibu zote ni yale maneno yaliyoandikwa tayari "Habari, naomba maelezo zaidi", unajibu karo ni hii, kimya. Hivi mzazi akiona karo anakimbia, niifiche?

fundi_kampeni:
Namba ya WhatsApp kweli iko hai, lakini tangazo linahesabu aliyeanza kuongea, si aliyefika, kwa hivyo ugonjwa ni ule ule. Mwalimu, andika karo kwa tangazo lenyewe, wasioweza wasibonyeze.

Mama, hiyo fomu iliachwa kwa "More volume", ile ya kuleta majina mengi tu. Weka "Higher intent", mtu anaonyeshwa alichojaza kabla ya kutuma. Ongeza swali moja la kuandika mwenyewe, lakini usiulize jino gani, maswali ya afya hayaruhusiwi kwa hizo fomu bila idhini. Uliza siku gani anaweza kufika. Majina yatapungua na bei ya kila moja itapanda, wewe hesabu waliokaa kwa kiti. Na upigie ndani ya dakika chache, akiwa bado ameshika simu. Pakua majina mapema pia, baada ya siku 90 huyapati tena.

mama_meno_donholm:
Nipakue wapi? Anasema ukurasa ni wangu lakini akaunti ya matangazo ni yake na hanifungulii. Jumatatu asubuhi niko mlangoni kwake.

mwalimu_kayole:
Nikiweka karo kwa tangazo shule jirani si wataiona?