Re: Barua tatu za ajira, Arusha na Moshi: naziwekaje kwenye jedwali moja?

Dada wa Njiro (Maskati):
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Mungu akipenda narudi nyumbani, na mkononi nina barua tatu za kazi ya ugavi. Ya kwanza ni shirika la Arusha: milioni 3 ghafi, yaani msingi 1,800,000, nyumba 800,000, usafiri 400,000. Ya pili ni kampuni ya utalii, hapo hapo Arusha: "2,200,000 mkononi" basi, bila mchanganuo. Ya tatu ni hospitali ya Moshi: milioni 2.5 ghafi na nyumba ya kukaa.
Leo utumishi wa ile kampuni ya utalii wamenipigia, nisaini kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Nikawaomba mchanganuo, wakaniambia nitauona kwenye salari slipu. Nimekasirika kweli. Nataka kuziweka zote kwenye Ekseli nione ipi ni ipi, ila nimekwama: nyumba ya Moshi naiweka mstari gani, na inakatwa kodi?

Mangi wa Hamburg:
Dada, hesabu ni nyepesi. PAYE ni asilimia 30, NSSF asilimia 10. Toa 40. Ile milioni 3 inabaki 1,800,000. Chukua ya utalii, haina hata mjadala.

Mama Careen (Toronto):
Mangi, usimpoteze mtoto wa watu. NSSF inatoka kwanza, halafu kodi inapigwa kwenye kilichobaki, tena kwa ngazi. Hiyo 30 inaanza baada ya milioni moja. Nimefanya mishahara Arusha miaka mingi kabla sijahamia huku, haya mambo nayajua.
Milioni 3, toa NSSF 300,000, inabaki 2,700,000. Milioni ya kwanza inalipiwa kodi 128,000. Ile 1,700,000 ya juu yake, asilimia 30 ni 510,000. Jumla PAYE 638,000. Anapokea 2,062,000. Kwa ghafi yoyote inayozidi kama 1,120,000 hivi, kisanduku kimoja kinatosha, B4 ikiwa ndiyo ghafi:

```
=B4*0.63+172000
```

Hospitali ya Moshi kwa njia hiyo ni 1,747,000. Na ukitaka kujua ile "mkononi" ni ghafi ya kiasi gani, rudi kinyume, C5 ikiwa ndiyo hiyo 2,200,000 ya mkononi:

```
=(C5-172000)/0.63
```

Inakuja 3,219,000 na ushee. Hiyo ndiyo namba ya kuwadai waiandike kwenye barua, maana NSSF yako inatakiwa ihesabiwe juu yake. Wapo waajiri wanaoahidi "mkononi", kisha wanapeleka michango kwa kiwango kidogo tu. Mtu hajui mpaka siku anafuata mafao yake.

Mangi wa Hamburg:
Sawa mama, nimekusoma. Ila bado ya utalii iko juu, 2,200,000 kwa 2,062,000.

Mama Careen (Toronto):
Dada wa Njiro, barua ya utalii inasemaje kuhusu masika?

Dada wa Njiro (Maskati):
Ukurasa wa tatu, kifungu cha 9: "Aprili na Mei mfanyakazi atalipwa nusu." Nilikipita nikidhani ni cha madereva na waongoza watalii.

Mama Careen (Toronto):
Kama hakijataja madereva, ni chako pia. Piga mwaka mzima: miezi kumi kwa 2,200,000 ni milioni 22, na miezi miwili ya nusu ni 2,200,000. Jumla 24,200,000. Shirika ni 2,062,000 mara kumi na mbili, 24,744,000. Iliyokuwa juu kwa mwezi imekuwa chini kwa mwaka. Ndiyo maana jedwali langu halina mstari wa "mshahara kwa mwezi" peke yake.
Panga hivi: kila barua safu mbili. Safu ya kwanza namba, ya pili maneno ya barua yenyewe pamoja na namba ya kifungu, neno kwa neno, usifupishe. Kitu kisichotajwa usiandike sifuri, andika HAIJATAJWA na ukipake rangi. Sifuri ni jibu. HAIJATAJWA ni swali, na hivyo visanduku vya rangi ndivyo unavyowapelekea kwa barua pepe kabla ya Ijumaa. Bonasi iliyoandikwa "kwa hiari ya mwajiri" iwe na mstari wake chini kabisa, isiingie kwenye jumla.

Kijana wa Majengo (Leeds):
Wazee, kuna Bodi ya Mikopo pia. Mimi nikirudi wananikata 15% ya mshahara wote, ndiyo sababu nimeahirisha. Halafu kuna mwenye uzoefu wa kuingiza gari kama mtu anayerejea nyumbani?

Mama Careen (Toronto):
Gari ni uzi mwingine. Na siyo mshahara wote, ni 15% ya msingi. Kwa barua ya shirika, msingi 1,800,000, ni 270,000 kwa mwezi. Dada kama una mkopo, hapo ndipo "mkononi" inapokuwa na utata: ni kabla ya Bodi au baada? Ijaze HAIJATAJWA.

Dada wa Njiro (Maskati):
Mkopo ninao. Na likizo je? Shirika siku 28, hospitali "siku 21 za kazi". Shirika si wamezidi?

Mzee wa Machame (Minnesota):
Wanangu, siku 28 za sheria ni za mfululizo, Jumamosi na Jumapili zimo ndani. Kwa mtu wa siku tano kwa wiki, hizo ni siku 20 za kazi, kwa hiyo hospitali wamekuzidishia siku moja. Lakini ukiwekwa zamu ya siku sita, 28 zinakuwa 24 za kazi, na 21 zao ziko chini ya sheria. Waulize unafanya siku ngapi kwa wiki.
Mimi ningekuwa na umri wako ningekwenda Moshi bila kutazama jedwali. Asubuhi mlima umefunguka, mtori, ndizi zinatoka shambani kwa mama. Huku theluji mpaka magotini na hakuna wa kukuuliza umelalaje.

Mangi wa Hamburg:
Mzee shikamoo, umenigusa. Ila tuseme ukweli, vijana wetu wenye shahada pale Arusha wanalipwa laki tano na hakuna anayewatetea. Serikali ingeangalia sekta binafsi kwanza, ndipo ituambie turudi.

Kijana wa Majengo (Leeds):
Laki tano wapi, kaka! Wengine hata barua hawapewi, wanaambiwa tu Jumatatu uje.

Mama Careen (Toronto):
Bila maandishi asianze mtu kazi, hilo tukubaliane wote.

Dada wa Njiro (Maskati):
Asanteni sana. Nimewaandikia utalii maswali matatu: ghafi ni kiasi gani, NSSF mnapeleka kwa kiwango gani, na kifungu cha 9 kinanihusu? Wamejibu moja tu: cha 9 kinamhusu kila mtu. Shirika nimewauliza bima inachukua watoto wangapi. Ila nyumba ya hospitali bado inaning'inia. Tofauti ya shirika na hospitali ni 315,000 kwa mwezi. Nikiandika kodi ya nyumba ya Moshi kama pesa, hospitali inapanda mpaka karibu sawa na shirika. Wakinikata PAYE juu ya nyumba, inashuka tena. Nani amewahi kukaa nyumba ya mwajiri akaona salari slipu yake?

Kijana wa Majengo (Leeds):
Dada, hiyo nyumba iko Shanty Town au Soweto? Kama ni Shanty Town nami naomba kazi hapo.

Mama Careen (Toronto):
Waombe hospitali wakutumie mfano wa slipu ya mtu wa ngazi yako, jina limefutwa. Utaona mstari wa nyumba kama upo. Mpaka hapo, tengeneza safu mbili za Moshi, moja nyumba inakatwa, nyingine haikatwi, na usisaini popote.