Naomba ushauri: nambari ya uthibitisho ya NSSF inaenda kwa laini iliyoachwa

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mama mdogo amestaafu kazi ya usafi hotelini hapa Malindi, na anataka kujua akiba yake ya NSSF. Nikimfungulia akaunti kwenye tovuti, nambari ya uthibitisho inatumwa kwa laini aliyoiacha kitambo. Nikiipigia, anapokea mtu mwingine kabisa. Tena hoteli ilimwandikisha "Mwanaisha" na kitambulisho kinasema "Mwanaesha", kwa hivyo hata tukiomba kubadilisha laini, nahofia majina hayataoana.

Kijana mmoja wa saiba anasema atanyoosha yote, mradi apewe picha za kitambulisho, mbele na nyuma, na laini yake yeye ndiyo iandikishwe kwanza. Nimekataa. Anayepokea ile nambari ndiye mwenye akaunti, ati!

Tunacho kitambulisho, nambari ya uanachama na karatasi za mshahara zinazoonyesha makato.

Mliopitia haya: tuanze kurekebisha jina au laini, ama ofisini yote mawili hufanywa pamoja? Na herufi moja hiyo yahitaji hati ya kiapo ya wakili, au kitambulisho chatosha?