Naomba ushauri: Vitabu viwili vya Burton vya 1860, ramani imechanika, vina madoa

Mjukuu_wa_Tanga:
Wakuu, shikamooni. Katika kugawana vitu vya marehemu babu nimepata juzuu mbili za *The Lake Regions of Central Africa* cha Richard Burton, London, Longman, 1860. Ramani kubwa ya kukunja ipo, ila imechanika kwenye mikunjo na mtu aliibandika solotepu. Kurasa nyingi zina madoa ya kahawia kama kutu. Kuna mnunuzi anatoa laki tatu kwa zote mbili, anasema "ni mbovu". Niuze?

Chuma_Ulete:
Hicho kitabu kipo bure mtandaoni mkuu, nani atakupa hela? Chukua laki tatu ukimbie.

Kalamu_Kavu:
Usiuze bado. Kilichoandikwa ndani ndicho kipo bure, mkusanyaji ananunua kitu chenyewe. Mwaka 1860 ukishaonekana, basi ni toleo la kwanza, umemaliza. Na hayo madoa yapitishie Jiki kidogo kwa pamba, yanatoka.

Bi_Mshoni_wa_Vitabu:
Kalamu, hapo kwenye Jiki usimpoteze kijana. Jiki hula karatasi: leo itang'aa, baadaye itakuwa dhaifu na kumomonyoka, na mnunuzi mzoefu huona pale palipochujuka. Hata mwaka peke yake hautoshi. Harper wa New York nao walikitoa mwaka huohuo wa 1860, ila kwa juzuu moja. Cha kijana ni juzuu mbili na jina la Longman, kwa hiyo ndicho cha London ambacho watu hukitafuta.

Sasa mwanangu, acha madoa kwanza, uhesabu picha. Seti ya London ina picha 12 za rangi zilizochapwa kwenye karatasi za peke yake, mbali na michoro midogo iliyomo katikati ya maandishi. Karatasi hizo hazihesabiwi katika namba za kurasa, ndiyo maana unaweza kusoma kitabu chote mfululizo usigundue kwamba picha imenyofolewa. Fungua orodha ya picha mwanzoni mwa kila juzuu, kisha pitia moja moja kwa kidole.

Mjukuu_wa_Tanga:
Nimehesabu, Bibi. Ziko 11. Juzuu ya pili haina ile ya kwanza kabisa, ya mtumbwi ziwani Tanganyika. Labda haikuwekwa tangu kiwandani?

Bi_Mshoni_wa_Vitabu:
Tazama ukurasa wa jina la kitabu, maana picha hiyo hukaa ikiuelekea. Kuna kivuli cha umbo la mstatili, kama wino uliohamia? Halafu pindua polepole pale kwenye mshono: kuna ukingo mwembamba wa karatasi uliobaki?

Mjukuu_wa_Tanga:
Kivuli kipo. Na ukingo upo, umekatwa wima kabisa, kama kwa wembe.

Bi_Mshoni_wa_Vitabu:
Basi ilikuwepo ikakatwa. Huenda sasa iko kwenye fremu ukutani kwa mtu, kwani wapo wanaovunja vitabu ili wauze picha moja moja. Seti kamili na safi ya hiki hufikia maelfu ya dola. Ikipungua picha moja, hasa ya mwanzo, mimi nisingeipa hata nusu, na minadani vitabu vya namna hii huuzwa kama vilivyo, bila haki ya kurudisha. Madoa hayaumi kiasi hicho: yakiwa pembezoni mwa maandishi watu huvumilia, yakiingia kwenye picha au ramani ndipo bei hushuka kweli.

Baba_Rehema:
Nina ramani ya shule ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, ina madoa hayohayo. Ni fangasi au kutu? Yangu ilikaa stoo Pangani.

Bi_Mshoni_wa_Vitabu:
Baba Rehema, wataalamu wenyewe bado wanabishana: wapo wanaotaja chembe za chuma ndani ya karatasi, wapo wanaotaja ukungu, na yawezekana ni vyote. Unyevu ndio huyachochea, kwa hiyo itoe stoo, usiigandamize ukutani.

Kalamu_Kavu:
Jiki nimeifuta kauli. Lakini je, akinunua picha hiyo moja kwa muuza picha na kuirudisha, si seti inakuwa kamili?

Bi_Mshoni_wa_Vitabu:
Inawezekana, ila lazima aseme kwamba imetoka kitabu kingine. Saizi ya karatasi na rangi yake zitamsaliti akificha. Mimi naona inaongeza thamani, wafanyabiashara wengine wanakataa kabisa.

Mjukuu_wa_Tanga:
Na solotepu ya ramani niitoe?

Bi_Mshoni_wa_Vitabu:
Usiiguse! Ukivuta, wino na nyuzi za karatasi vinakuja nayo. Kazi hiyo ni ya fundi wa karatasi, na ghali. Kwanza piga picha ramani yote ikiwa imekunjuliwa, na huo ukingo uliokatwa, uniwekee hapa. Mnunuzi wako alijua picha haipo, au aliona madoa tu?

Mjukuu_wa_Tanga:
Hakuhesabu. Alifungua kurasa tatu tu akasema mbovu.

Chuma_Ulete:
Basi huyo naye hajui. Mwambie milioni.